Je, wajua? Madoa meupe kooni hayataji chanzo chake

"Mwanangu wa miaka miwili na nusu ana homa na madoa meupe kwenye mafindofindo. Kwa nini daktari hakumpa antibayotiki?"

Kwa sababu katika umri huo chanzo huwa ni virusi mara nyingi zaidi, na antibayotiki haiviui virusi.

Nami niliwahi kuamini kwamba weupe ule ni usaha, na usaha ni bakteria. Mwanangu alipougua nilikwenda duka la dawa la mtaani, Tandika, nikanunua amoksilini bila cheti. Kumbe mafindofindo yana vishimo vingi, na vijidudu vikivamia, chembe nyeupe za damu hukusanyika humo, hupambana, hufa, na mabaki yake huonekana kama madoa. Ukikuta majivu jikoni asubuhi unajua kwamba moto uliwaka, lakini majivu hayakuambii kama uliwashwa kwa kiberiti au kwa kaa la jirani. Virusi vya adeno huacha weupe uleule unaoachwa na bakteria aina ya streptokoka.

Kinachosaidia zaidi ni dalili za pembeni. Makamasi, kikohozi, sauti ya kukwaruza, macho mekundu au vidonda mdomoni huelekeza kwenye virusi. Mwanangu alikuwa na makamasi na macho mekundu tangu siku ya pili. Homa ilipopoa siku ya tano, niliishukuru dawa kwa kazi ambayo huenda mwili wake uliifanya wenyewe.

Kipimo cha koo, yaani kijiti cha pamba kinachopitishwa juu ya mafindofindo yote mawili, hufaa hasa kwa mtoto wa miaka mitatu na zaidi aliyepata homa ya ghafla na tezi zenye maumivu chini ya taya, bila mafua wala kikohozi. Aliye mdogo zaidi hupimwa kwa nadra, kwa mfano ndugu yake anapothibitishwa kuwa na streptokoka. Kumpima kila mtoto hupotosha, kwani wapo wanaobeba bakteria hao kooni bila kuugua. Streptokoka hutibiwa ili kuzuia homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo, na kinga hiyo hupatikana hata dawa ikianza ndani ya siku tisa tangu koo lianze kuuma, hivyo kusubiri majibu siku mbili hakudhuru. Homa yenyewe, hapa Dar es Salaam, bado inadai kipimo cha malaria.

Wakati huo maji ndiyo yenye kazi kubwa. Mtoto anayekataa kikombe hupokea kijiko kidogo kimoja cha maji baridi au uji mwepesi uliopoa kila baada ya dakika chache. Juisi ya ndimu au ukwaju huchoma koo. Parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, nusu saa kabla, hurahisisha kumeza. Akipitisha muda wa saa nane bila kukojoa, apelekwe hospitali. Na akidondosha udenda kwa kushindwa kumeza, au akipumua kwa mkoromo, asichunguzwe koo kwa kijiko nyumbani. Aketishwe wima na apelekwe mara moja.