Asilimia ya umri katika mbio: dhana potofu na ukweli

Mama wa miaka 60 anamaliza kilomita 10 kwa dakika 50. Kijana wa kiume wa miaka 30 anazimaliza kwa dakika 40. Nani kakimbia vizuri zaidi? Majedwali ya umri ya WMA, shirikisho la dunia la wanariadha wakongwe, yametengenezwa kujibu swali hilo, lakini wengi huyasoma vibaya.

Dhana: Wazee na wanawake hupewa dakika za bure.

Hakuna anayepewa kitu. Kila umri na kila jinsia ina muda wake wa kigezo, unaotokana na mbio bora kabisa duniani za watu wa umri huo. Ed Whitlock wa Kanada alikimbia maratoni ya Toronto mwaka 2004 kwa saa 2:54:48, akiwa na miaka 73. Wazee wa aina hiyo ndio wanaopimwa nao wenzao, wala si wastani wa wazee wa mtaani.

Hesabu yenyewe ni kugawanya kigezo kwa muda wako, kisha kuzidisha kwa 100. Tuchukue namba za mfano zilizo rahisi: kigezo cha yule mama kiwe 37:30, yaani sekunde 2,250. Yeye katumia 3,000, basi ana asilimia 75. Cha kijana kiwe 27:00, sekunde 1,620. Katumia 2,400, anapata 67.5. Mama kamzidi, tena kwa mbali.

Dhana: Asilimia 75 maana yake umewashinda watu 75 kati ya 100.

Hapana. Namba hii haihesabu watu. Inasema kasi yako ni robo tatu ya kasi ya kigezo, hata kama siku hiyo ulikimbia peke yako.

Dhana: Alama ikishuka, mkimbiaji amezorota.

Hapa ndipo watu huumia bure. Rekodi zikivunjwa, majedwali hurekebishwa. Rekodi ya dunia ya maratoni ya wanawake ilikuwa 2:14:04 ya Brigid Kosgei tangu 2019, hadi Tigst Assefa alipokimbia 2:11:53 mjini Berlin mwaka 2023. Kigezo kikikazwa kufuata mbio kama hizo, muda uleule wako unapata asilimia ndogo. Kabla ya kulinganisha mwaka huu na wa nyuma, kokotoa mbio zote mbili kwa toleo moja la jedwali.

Kwa wanawake wenye umri mkubwa kuna tahadhari zaidi. Maratoni yao iliingia Olimpiki mwaka 1984 tu, hivyo waliofika miaka 75 wakiwa na mazoezi ya maisha yote bado ni wachache. Naamini vigezo vyao vitaendelea kukazwa kuliko vya wanaume.

Dhana: Asilimia 70 ni 70 popote.

Jedwali linajua umri, jinsia na umbali. Halijui vilima vya Iten, wala joto la Mombasa.