Babu vijiko vinne, mimi viwili

"Babu yangu anatia vijiko vinne vya sukari kwenye chai na meno yake mazima. Mimi natia viwili tu, na magego mawili yameshatoboka. Kwa nini?"

Aliyeuliza ni fundi cherehani wa Lindi mjini, nami kabla ya kumjibu nilimuuliza: hiyo chai mnainywaje? Babu hunywa asubuhi na jioni, kikombe na muhogo wake, dakika kumi kimekwisha. Mjukuu huweka kikombe pembeni ya cherehani akapiga funda kila robo saa hivi, tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita mchana, kisha tena saa nane mpaka saa kumi.

Ukikanyaga jiwe la pwani maji yakiwa yamekupwa, utauhisi utelezi. Mawimbi hulipiga kutwa lakini utelezi haubanduki. Meno nayo yana wa kwao, ndio ukoga. Jino likishapigwa mswaki, baada ya dakika chache tu hufunikwa na utando mwembamba wa protini za mate, na juu ya utando huo bakteria hutua wakajenga mtaa. Mmoja wao ni Streptokokasi mutansi, aliyetambuliwa na J. Kilian Clarke huko London mwaka 1924 katika meno yaliyooza. Wazee husema jino limeliwa na mdudu. Hawako mbali na ukweli, ila mdudu huyu hali jino. Anakula sukari, na jino linaumizwa na kile anachokitoa.

Sukari ya chai ni glukosi na fruktosi zilizoshikana. Mutansi ana kimeng'enya kinachozitenganisha, kisha kinaziunga glukosi nyingi pamoja zikawa gundi isiyoyeyuka majini. Kwa gundi hiyo hujibandika jinoni, na ndiyo maana kusukutua mdomo peke yake hakuondoi ukoga. Sukari nyingine huimeza na kuichachusha, kama tembo la mnazi linavyochacha, ila hapa kinachopatikana si kileo bali tindikali ya laktiki, ileile inayoupa mtindi ukali wake. Kila glukosi moja hutoa laktiki mbili. Gundi nayo huizuia tindikali isioshwe haraka na mate, kwa hiyo inabaki imelilalia jino.

Ganda la nje la jino, enameli, karibu lote ni fuwele za kalsiamu na fosfeti. Ukali wa tindikali hupimwa kwa pH: namba ikishuka, ukali unapanda. Katika mate ya kawaida, yenye pH ya karibu 7, fuwele hizo zimetulia. pH chini ya ukoga ikishuka kupita 5.5 hivi, tindikali huinyang'anya enameli fosfeti yake, na kalsiamu nayo ikaachia. Katika miaka ya 1940 mtafiti Robert Stephan aliwasukutulisha watu maji ya glukosi, akapima pH ndani ya ukoga wao. Ilishuka ndani ya dakika chache, kisha ikapanda taratibu kwa nusu saa au zaidi, mate yakiizimua tindikali na kurudisha madini. Ni kama maji kujaa na kupwa, isipokuwa haya hujaa upesi na hupwa polepole.

Sasa tupige hesabu, tukikadiria kwamba kila kikombe cha babu kinaacha tindikali kwa dakika 40. Vikombe viwili ni dakika 80 kwa siku. Muda wote uliobaki mate yanalikarabati jino. Kwa mjukuu, funda linalofuata hufika kabla tindikali ya funda lililotangulia haijapwa. Saa tatu za asubuhi pamoja na nusu saa ya kupwa ni saa tatu na nusu. Alasiri ni saa mbili na nusu. Jumla ni saa sita kwa siku, kwa sukari iliyo nusu ya ile ya kikombe cha babu. Vijiko vya ziada vya babu havimwongezei madhara mara mbili, kwani bakteria wakishashiba sukari, inayozidi humezwa pamoja na chai.

Sisemi kwamba chai ndiyo sababu pekee. Mwenye mate machache huoza meno haraka zaidi, na mwenye kutumia dawa ya meno yenye floridi huchelewa, kwa sababu enameli iliyoingiwa na floridi huhimili tindikali kali zaidi.

Dalili ya kwanza si tundu wala maumivu. Ni doa jeupe kama chokaa, mara nyingi karibu na ufizi, linaloonekana vizuri jino likikaushwa. Chini ya doa madini yamepungua lakini uso bado haujabomoka, hivyo mate na floridi vinaweza kulirudisha. Uso ukishaporomoka, bakteria huingia ndani, mahali mswaki haufiki. Magego mawili ya fundi wetu yalikuwa yameshafika huko, yakabaki ya kuzibwa.