Haki ni za wote, au kila jamii na zake? Kibanja kilichofika Mahakama Kuu Mwanza

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza kwa shilingi 300,000 kibanja alichoachiwa na baba yake kwa wosia. Mnunuzi hakuwa wa ukoo. Mtoto wa ndugu yake akaenda mahakamani: kwa mila, mwanamke hula matunda ya shamba la ukoo maisha yake yote, lakini haliuzi. Mahakama ya Mwanzo ikampa ushindi huyo kijana, ya Wilaya ikaubatilisha, na shauri likafika Mahakama Kuu hapa Mwanza. Linaitwa Ephrahim dhidi ya Pastory.

Shauri hilo linagusa swali lenye pande mbili. Upande mmoja unasema binadamu ana haki kwa sababu ni binadamu, awe Muleba au Paris. Upande wa pili, uhusianifu wa kitamaduni, unasema haki hupata maana ndani ya jamii, hivyo ya kwako usiifanye kipimo cha wengine. Mwaka 1947 wanaanthropolojia wa Marekani waliuandikia Umoja wa Mataifa onyo la namna hiyo, wakihofia tamko litakalobeba maadili ya Magharibi peke yake.

Jaji James Mwalusanya aliamua mwaka 1990 kwamba mila ile inabagua. Aliegemea haki zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 pamoja na mikataba ya kimataifa. Hapo ndipo wakosoaji husema: mmeleta sheria ya wageni. Jibu la wanaotetea haki za wote ni kwamba mwanamke aliyeipinga mila ni Mhaya mwenyewe. Tena, mila iliyosomwa mahakamani ilikuwa kanuni zilizochapishwa na serikali mwaka 1963, si sauti ya mababu moja kwa moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito: kabla ya kusema "utamaduni wetu", uliza nani alishika kalamu.

Mzee jirani yangu hapa Kirumba, mzaliwa wa Muleba, hakubaliani. "Mwanangu, pale kwenye migomba ndipo tulipowazika wazee. Mtu wa mbali akinunua, kaburi nalo limeuzwa?" Wahusianifu makini wanajibu hivyohivyo: hawatetei kumnyima mwanamke, wanasema ardhi ya ukoo haipimwi kama gunia la sukari. Wanapoulizwa kama basi kila ukatili ni halali ukiitwa mila, wengi hurudi nyuma hatua moja, wakasema wanachodai ni kuelewa kwanza kabla ya kuhukumu.

Hukumu yenyewe iliwasikia kidogo. Jaji alimpa mwanamke haki sawa na ya mwanamume: auze, ila ukoo unaweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake.

Kanuni za 1963 hazikufa, hata hivyo. Wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga, mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba zinabagua lakini ikakataa kuzifuta. Walikwenda hadi kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, nayo mwaka 2015 ikaona Tanzania imekiuka mkataba huo.