Mgongano wa hashi na mpaka wa siku ya kuzaliwa

"Hashi ya biti 128, inayogeuza ujumbe wowote kuwa tokeo la urefu huo, ina matokeo 2^128, je, si lazima tujaribu karibu nusu yake ndipo tupate mgongano?"

Hesabu hiyo inakaribia kufaa pale tu tokeo linalotafutwa limekwisha kutajwa, ilhali mgongano, yaani jumbe mbili tofauti kupata tokeo moja, huridhika na jozi yoyote. Jumbe n huunda jozi n(n−1)/2, na kila jozi, iwapo matokeo yametawanyika sawasawa, hugongana kwa uwezekano wa 1/2^128. Kwa hiyo jumbe 2^64, ambazo ndizo mpaka wa siku ya kuzaliwa, hutoa jozi zipatazo 2^127, wastani wa migongano huwa nusu, na uwezekano wa kupata angalau mmoja ni 1 − e^(−1/2), yaani takriban asilimia 39. Hapo tumeichukulia hashi kuwa kamilifu. Hashi iitwayo MD5, yenye biti 128, ilivunjwa mwaka 2004 kwa kazi ndogo zaidi, kupitia udhaifu wa muundo wake.