Propani ndani ya oksijeni ya ziada: dhana potofu na ukweli

Swali la kutafuta fomula ya haidrokaboni kwa kupima ujazo wa gesi kabla na baada ya kuungua hurudi kila mwaka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita hapa Mbeya, sura ile ile. Tuchukue propani, C3H8, mojawapo ya gesi za mitungi ya kupikia. Sentimita za ujazo 10 zimechanganywa na 70 za oksijeni, jumla 80. Baada ya kulipuliwa na kupoa zimebaki 50. Baada ya kupitishwa kwenye alkali ya potasiamu haidroksaidi zimebaki 20.

Dhana: Zile 30 zilizopungua ni mvuke wa maji.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mvuke ulikuwa 40. Ungepima kabla haujageuka maji (kwa joto na kanieneo zile zile), ungekuta ujazo umeongezeka hadi 90: kabonidayoksaidi 30, mvuke 40 na oksijeni 20. Mvuke ukigeuka maji, 90 hushuka hadi 50, kwa sababu maji hayo machache hayachukui nafasi ya kuhesabika. Lakini sisi tunapima upungufu kuanzia 80 za mwanzo. Zilitumika propani 10 na oksijeni 50, ikatoka kabonidayoksaidi 30. Ndiyo maana pengo ni 30.

Kwa haidrokaboni yoyote CxHy yenye ujazo V:

upungufu = V(1 + y/4)

Tazama, x haimo. Upungufu unakupa haidrojeni peke yake: 30 = 10(1 + y/4), y = 8. Butini, C4H8, nayo ingepungua 30 vile vile. Kaboni inaisubiri alkali, ambayo imefyonza 30, hivyo x = 3.

Aliyeziita 30 mvuke atapata C3H6. Oksijeni itamuumbua: C3H6 ingetumia 45 na kubakiza 25, siyo 20.

Dhana: Zile 20 za mwisho ndizo oksijeni iliyotumika.

Hiyo ni ziada. Iliyotumika ni 70 − 20 = 50.

Dhana: Mbeya iko juu, kwa hiyo ujazo lazima urekebishwe kwanza.

Ni kweli mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni ndogo kuliko Dar es Salaam. Lakini hapa tunatumia uwiano, kama Gay-Lussac alivyouonyesha mwaka 1808, na uwiano haujali mwinuko. Unachojali ni kila kipimo kichukuliwe kwa joto na kanieneo ile ile. Ukisoma kwenye nyuzi 40 badala ya 20, zile 50 zitasomeka zaidi ya 53.

Dhana: Alkali hufyonza kila gesi inayotokana na kuungua.

Hufyonza kabonidayoksaidi, lakini kabonimonoksaidi hupita salama. Oksijeni ikiwa pungufu, masalio yanaweza kuwa kabonimonoksaidi nawe ukayaita oksijeni. Yapitishe kwenye pairogaloli yenye alkali, inayofyonza oksijeni: yakitoweka yote, hesabu yako inasimama, yakibaki, haidrokaboni haikuungua kikamilifu.