Joto la jiwe mkononi

"Nilinunua jiwe la kwatzi hapa Nairobi. Nikilishika, mkono unapata joto na kusisimka. Si ndiyo nguvu yake ya kuponya?"

Msisimko huo unauhisi kweli, sikukatalii. Waumini wa mawe husema ni nishati inayosawazisha mwili. Mwanasaikolojia Christopher French wa Chuo cha Goldsmiths, London, alilipima dai hilo, akatoa matokeo mwaka 2001. Watu 80 walitafakari kwa dakika tano wakiwa na jiwe mkononi. Wengine walipewa kwatzi halisi, wengine la bandia, bila kujua. Baadhi yao walidokezwa kabla ni hisia gani huwapata watu.

Wenye mawe bandia walieleza joto na msisimko uleule. Kilicholeta tofauti ni maneno: waliodokezwa walihisi mengi zaidi. Kumbuka, jaribio hilo lilipima hisia tu, halikupima ugonjwa wowote.

Muuzaji atakuambia hata saa hutumia kwatzi. Ni kweli, ila humo jiwe hutetemeshwa na umeme wa betri. Betri ikiisha, saa husimama.

Ukitaka kujaribu nyumbani, mwombe mtu afunge kwatzi na kipande cha kioo chenye ukubwa na uzito uleule, kila kimoja kwenye kitambaa kizito. Kitambaa ni lazima, kwa sababu kwatzi huwa baridi zaidi ya kioo likiguswa, nawe utalitambua mara moja. Akupe kimojakimoja, mara 20, akirusha sarafu kuchagua, nawe useme kila mara kama ni kwatzi au kioo. Ukipatia kama kumi hivi, umebahatisha.