“Kuna mwendo, basi ni akuzativu”: kanuni inayowapotosha wanafunzi wa Kijerumani

Mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa B1 huandika “Ich jogge jeden Morgen in den Park”, na ukimuuliza kwa nini ametia akuzativu, jibu huwa lile lile: kukimbia ni mwendo, na mwendo huchukua akuzativu. Msahihishaji anayesoma sentensi hiyo anamwona mtu anayetoka nyumbani mbio hadi kwenye bustani, na safari inaishia pale alipoingia. Mwanafunzi alitaka kusema kwamba mazoezi yake anayafanyia humo bustanini, na hiyo ni “Ich jogge jeden Morgen im Park”, yaani dativu. Anakimbia kweli, anatoka jasho kweli, na bado ni dativu.

Dhana: kitenzi cha mwendo huleta akuzativu, kitenzi cha kutulia huleta dativu.

Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko nyingine zote, na ubaya wake ni kwamba hutoa jibu sahihi mara nyingi kiasi cha mtu kuiamini. “Ich gehe in die Küche” ni akuzativu, “Ich bin in der Küche” ni dativu, na mwanafunzi anaondoka akidhani amemaliza. Kisha anakutana na “Sie geht neben mir”, mtu anatembea kando ya mwenzake barabarani, miguu inakwenda, na kihusishi kimechukua dativu. Anaambiwa ni mojawapo ya yale yasiyo na kanuni. Si kweli. Kanuni ipo na inafanya kazi vizuri. Yeye ndiye aliyepewa kanuni nyingine.

Kijerumani hakiulizi kama kuna mtu anasogea. Kinauliza kama uhusiano unaotajwa na kihusishi (ndani ya, juu ya, nyuma ya, kando ya) umeletwa na kitendo chenyewe, au ulikuwapo tangu mwanzo na unaendelea. Ukiletwa na kitendo, ni akuzativu. Ukiwapo muda wote, ni dativu, hata kama kila kitu kwenye sentensi kinakwenda mbio.

Kwa hiyo acha kuanza na kitenzi. Kwanza hakikisha kihusishi ni kimoja kati ya tisa vinavyobadilika: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Kisha tazama vitu viwili tu vinavyounganishwa nacho, na ujiulize: kitendo kilipoanza, je, viwili hivi tayari vilikuwa katika uhusiano huo?

Chukua paka na meza. “Die Katze läuft unter den Tisch”: paka alikuwa mlangoni, hakuwa chini ya meza, sasa yuko huko kwa sababu amekimbia. Akuzativu. “Die Katze läuft unter dem Tisch herum”: alikuwa chini ya meza, anazungukazunguka humo humo. Dativu. Kitenzi ni kile kile, na mwendo ni ule ule.

“Wir fahren auf die Autobahn” ni kuingia kwenye barabara kuu, na “Wir fahren auf der Autobahn” ni kuwa tayari juu yake, kwa kasi yoyote utakayo. “Der Hund läuft hinter dem Fahrrad her” inawachanganya wengi kwa sababu mbwa anakimbia na baiskeli inakimbia. Lakini mbwa yuko nyuma ya baiskeli mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo “dem”. Hapo ndipo mambo ya “Sie geht neben mir” yanapojibika: yuko kando yangu, na anaendelea kuwa kando yangu.

Kihusishi “über” kina jambo la ziada. Mtu anapovuka kitu kutoka upande mmoja hadi wa pili, ni akuzativu: “Ich gehe über die Straße”. Ndege inayopita juu ya mji na kwenda zake ni “über die Stadt”. Ile inayozunguka juu ya mji ikisubiri ruhusa ya kutua ni “über der Stadt”.

Kipimo hicho hicho kinafaa pale ambapo hakuna anayesogea. “Schreiben Sie Ihren Namen auf das Formular”: jina halikuwa kwenye fomu, litakuwapo baada ya kuandika, basi akuzativu. Aliyekariri habari za mwendo hana pa kushika hapo. Hata jicho huhesabiwa, kwa kuwa huelekezwa mahali: “Sie schaut auf die Uhr”.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuteleza, na inafaa aijue. Yuko sokoni, amekwenda sokoni, ametoka sokoni: kiambishi -ni hakijali kama umo, unaingia au umetoka. Kazi hiyo hufanywa na kitenzi. Ndiyo maana “anakimbia bustanini” yaweza kumaanisha mambo mawili na sisi hatuoni shida. Matokeo yake ni makosa ya pande zote mbili. Wapo wanaozidisha akuzativu kwa hofu ya mwendo, na wapo wanaosema “Ich gehe im Supermarkt” wakidhani “im” ni sura ya kudumu ya “in”. “Im” ni “in dem”, dativu tayari, na sentensi hiyo inamwonyesha mtu anayetembeatembea ndani ya duka. Anayekwenda dukani ni “in den Supermarkt”.

Dhana: legen na liegen ni kitenzi kimoja, tofauti ni mazoea.

Ni vitenzi viwili, na ukivichanganya sentensi inavunjika mara mbili, kwenye kitenzi na kwenye artikeli. Wanaosomea uuguzi kwa Kijerumani wanavihitaji kila zamu, basi tukae wodini. Muuguzi anamlaza mgonjwa kwa ubavu: “Ich lege den Patienten auf die Seite.” Akimaliza, anaripoti hali: “Der Patient liegt auf der Seite.” Anamkalisha ukingoni mwa kitanda: “Ich setze den Patienten auf die Bettkante”, na sasa “Er sitzt auf der Bettkante.” Anaweka glasi kwenye kimeza: “Ich stelle das Glas auf den Nachttisch”, na “Das Glas steht auf dem Nachttisch.” Anatundika dripu: “Ich hänge die Infusion an den Ständer”, na “Die Infusion hängt am Ständer.”

Angalia mpangilio. Legen, setzen, stellen na hängen ya kutundika vina yambwa, yaani kitu kinachowekwa, na kihusishi chao huchukua akuzativu. Liegen, sitzen, stehen na hängen ya kuning’inia havina yambwa, na huchukua dativu.

Kosa linalojitokeza zaidi huja kwenye wakati uliopita: “Ich habe das Glas auf den Nachttisch gestanden.” Hapo glasi haikuwekwa na mtu, ukiisikiliza vizuri, hata haieleweki nani alisimama. Vitenzi vya kuweka ni vyepesi: gelegt, gesetzt, gestellt, gehängt. Vya kukaa hubadilika shina: gelegen, gesessen, gestanden, gehangen. Ukisikia mdomo wako ukitamka -t mwishoni mwa umbo hilo la wakati uliopita, artikeli iwe ya akuzativu. Ukisikia -en, iwe ya dativu. Kwa vitenzi hivi vinane, njia hiyo inatosha. Usiipeleke kwingine.

Na sahani, ingawa imelala bapa, Wajerumani husema imesimama: “Der Teller steht auf dem Tisch.” Usibishane nayo.

Dhana: uliza “wohin?”, na jibu litakuja lenyewe.

Swali la wohin (kwenda wapi) na wo (wapi) ni zuri kuliko kanuni ya mwendo, lakini mwanafunzi huliuliza kwa Kiswahili, na “wapi” yetu inabeba yote mawili. Liulize kwa Kijerumani. Hata hivyo kuna vitenzi vinavyolikataa. Kufika ni kimoja: “Wir sind in der Stadt angekommen”, dativu, ingawa mtu hakuwa mjini kabla ya kufika. Hapa hata kipimo nilichotoa juu kinashindwa, kwa hiyo inabidi kukariri. Kwa ankommen, Mjerumani huuliza wo, maana kitenzi hicho hutazama mahali safari ilipoishia, si njia. Landen iko hivyo hivyo: “Das Flugzeug landet auf der Wiese.” Parken pia: “Ich parke das Auto vor dem Haus.” Verschwinden nayo mara nyingi: “Die Sonne verschwindet hinter den Wolken.” Ukivijua hivi vinne umefunika sehemu kubwa ya utakayokutana nayo B1.

Dhana: kihusishi chochote hubadilika kufuatana na wohin na wo.

Hapana. “Zu” ni dativu daima, hata unapokwenda: “Ich gehe zum Arzt”, kamwe si “zu den Arzt” kwa daktari mmoja. Nach, aus, von, bei, mit na seit ni hivyo hivyo. Durch, für, gegen, ohne na um ni akuzativu daima, hata umekaa kitako: “Wir sitzen um den Tisch.” Swali huulizwa kwa vile tisa tu.

Dhana: ukiona “den” ni akuzativu.

Ni kweli kwa umoja wa nomino ya kiume. Kwenye wingi, “den” ni dativu. “Auf den Tisch” ni kuweka juu ya meza moja. “Auf den Tischen” ni vitu vilivyokwisha kukaa juu ya meza nyingi, na -n ya mwisho ndiyo inayokutobolea siri. Vilevile “der” katika “in der Stadt” si ya kiume, ni dativu ya kike. Anayejifunza nomino bila artikeli yake hatajua hata kidogo anachokiona hapa.

Dhana: “warten auf” huchukua akuzativu kwa sababu mawazo yanakwenda kwa mtu.

Maelezo mazuri, ila hayakusaidii unapofika kwenye “Angst haben vor”, ambayo ni dativu. Kihusishi kikishikamana na kitenzi bila kutaja mahali, kipimo hakitumiki. Unakariri kitenzi pamoja na uhusika wake. Warten auf na denken an ni akuzativu. Teilnehmen an na leiden an ni dativu. “Über” yenye maana ya “kuhusu” ni akuzativu kila wakati, kama “Wir sprechen über den Plan”. Kwa wakati, an, in na vor ni dativu zikijibu swali la lini: am Montag, in einer Woche, vor einem Jahr.